Mwalimu anapomwandikia wakala wa ajira

Jirani yangu mmoja hapa mtaani ni mwalimu wa shule ya upili. Anafundisha Hisabati na Biashara, na mwaka huu ni wa tisa tangu ashike chaki. Jumamosi moja jioni alinijia na simu yake mkononi, akaniketia jikoni, akasema: "Dada, wewe unayeandika gazetini, hebu niambie hii barua ina kosa gani. Nimewatumia mawakala kumi na wawili na hakuna hata mmoja aliyenijibu."

Alikuwa anatafuta kazi ya kufunza wafanyakazi katika makampuni. Siku hizi mabenki, vyama vya akiba na mikopo, kampuni za bima na za simu huwa na wakufunzi wao. Mtu akiajiriwa kukaa dirishani au kujibu simu za wateja, hakabidhiwi kazi siku ya kwanza. Hukaa na mkufunzi siku kadhaa, akafundishwa bidhaa, kompyuta na namna ya kuzungumza na mteja aliyekasirika. Nafasi nyingi za namna hii hazitangazwi magazetini. Kampuni humpa wakala kazi ya kumtafuta mtu, na wakala hulipwa na kampuni hiyo.

Niliisoma barua yake. Ilianza kwa "Bwana au Bibi mpendwa". Aya ya kwanza ilieleza jinsi mshahara wa ualimu usivyotosha. Ya pili ilisema yeye ni mchapakazi, anapenda watu, ana ujuzi wa mawasiliano na uongozi, na yuko tayari kufanya kazi yoyote. Ya tatu ilimwomba wakala amsaidie kwa kuwa ana watoto wawili shuleni. Mwishoni alikuwa ameambatisha vyeti kumi na vinne, kimoja kimoja, tangu cha darasa la nane. Na juu kabisa, mahali pa anwani, majina ya mawakala wote kumi na wawili yalikuwa yameonekana kwa kila mmoja wao.

Sikucheka. Barua kama hiyo wengi wetu tumewahi kuiandika. Lakini hebu jiweke katika kiti cha wakala. Amepewa na kampuni karatasi yenye mambo matano au sita yanayotakikana. Kwenye kompyuta yake kuna barua mia moja na zaidi. Anachotafuta ni mtu wa kulinganisha na karatasi ile, kwa sababu asipompata hatalipwa. Shida za mwandishi, hata zikiwa za kweli, haziwezi kulinganishwa na jambo lolote kwenye karatasi yake. Na anayesema yuko tayari kwa kazi yoyote amempa wakala mzigo wa kufikiri kwa niaba yake.

Basi nikamwuliza Mwalimu swali moja: "Umewahi kumfunza mtu mzima?"

Akasema hapana, yeye hufundisha watoto wa Kidato cha Pili na cha Tatu. Tukanywa chai. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo lisilo na maana, akasema: "Isipokuwa ile mwaka wa 2023, mkuu wa shule aliponituma niwaonyeshe walimu kompyuta."

Nilimwambia aanze hapo, asiache kitu.

Ilikuwa hivi. Shule yao ilikuwa ikijumlisha alama za mitihani kwa mkono, kwenye makaratasi marefu, na ripoti za wanafunzi zilichukua siku 9 kuwa tayari. Mkuu wa shule aliamua alama ziingizwe kwenye kompyuta, katika jedwali la Excel, na kila mwalimu aingize za somo lake. Walimu walikuwa 34. Wengine walikuwa vijana waliotoka chuoni juzi, wengine walibakisha miaka miitatu wastaafu na hawakutaka kusikia habari hiyo. Mwalimu wetu aliwauliza kwanza kila mmoja anaweza kufanya nini, akawagawa makundi matatu, akaandika kijitabu cha kurasa 6 chenye picha za kila hatua. Kila kundi alilifundisha alasiri nne. Halafu, wiki ya kwanza ya kuingiza alama, alikuwa akizunguka katika chumba cha walimu akiwaangalia wanavyofanya. Muhula huo ripoti zilikuwa tayari kwa siku 4. Walimu 31 waliingiza alama zao bila kushikwa mkono.

Msomaji, hiyo ndiyo kazi ya mkufunzi wa kampuni, tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ameifanya na hakuitaja hata kwa neno moja, kwa sababu haikuwa kwenye mkataba wake wala hakulipwa kwayo.

Mwenye kampuni huyapima mafunzo kwa namna iliyo tofauti na ya shule, na hapo ndipo walimu wengi hukosea. Mwaka wa 1959 Mmarekani aitwaye Donald Kirkpatrick aliandika makala kadhaa kuhusu kuyapima mafunzo ya wafanyakazi, na ngazi nne zinazotajwa kwa jina lake bado zinatumiwa na wakufunzi hadi leo. Ya kwanza ni kama waliofunzwa waliyapenda mafunzo. Ya pili ni kama walijifunza. Ya tatu ni kama waliporudi kazini walifanya kazi kwa namna mpya. Ya nne ni kama kampuni ilipata faida yoyote kutokana na hayo.

Mwalimu ni bingwa wa ngazi ya pili. Mitihani, kusahihisha, wastani wa darasa, hayo anayajua kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo akiandika barua hujivunia hayo hayo: "Wastani wa somo langu ulipanda kutoka C hadi B." Ni sifa njema, nami singeidharau, lakini kwa mwenye benki inamwambia jambo la ngazi ya pili peke yake. Yeye analia na mhudumu aliyepita mtihani wa mafunzo kwa alama 90 na wiki inayofuata bado anawakosea wateja. Anataka kusikia ngazi ya tatu na ya nne. Na kile kisa cha kompyuta kinazo zote mbili: walimu 31 waliobadili namna yao ya kufanya kazi ndio ngazi ya tatu, na siku 9 zilizogeuka kuwa 4 ndio ya nne.

Kama wewe ni mwalimu na unasoma haya, huenda huna kisa cha kompyuta. Lakini tafuta. Pengine uliwahi kusimamia wanachuo waliokuja kwa mazoezi ya kufundisha, ukikaa nyuma ya darasa ukiwaandikia maoni. Pengine uliwafunza wenzako mtaala mpya wa umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka wa 2019, au ulitumwa kwenye semina za walimu wa Hisabati na Sayansi ukarudi kuwafundisha wenzako. Kipimo changu ni hiki: waliofunzwa wawe watu wazima, kuwe na kazi walioifanya tofauti baadaye, na uwe na nambari unayoweza kuitetea ukiulizwa. Nambari ya kubuni usiithubutu. Mkufunzi mkuu akikuuliza swali la pili tu, itakuumbua.

Kuhusu maneno, tulibishana kidogo. Mwalimu alitaka kuandika "azimio la kazi" na "andalio la somo". Nilimwambia wakala hana habari nayo. Azimio la kazi ni mpango wa mafunzo, na andalio la somo ni mwongozo wa kikao. Akaenda upande wa pili, akataka kujiita "mtaalamu wa kukuza vipawa vya rasilimali watu". Hapo nilikataa kabisa. Dawa ni kusoma matangazo matatu au manne ya kazi hiyo hiyo, kuona maneno yanayorudiwa, na kutumia hayo, hasa yale yanayosema kweli kuhusu ulichofanya.

Hii hapa barua tuliyoiandika. Aliituma kwa Kiingereza, kama ofisi nyingi za Nairobi zinavyotaka, lakini mimi ninaileta kwa Kiswahili ili tuione mifupa yake.

Kichwa: Mkufunzi wa wahudumu wa wateja, mwalimu wa miaka 9, Nairobi

"Kwa Bi. Fulani,

Ninaandika kuhusu nafasi za wakufunzi wa wafanyakazi ambazo ofisi yako huzitafutia watu, hasa katika mabenki na vyama vya akiba na mikopo. Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Biashara katika shule ya upili, na huu ni mwaka wangu wa tisa.

Mwaka wa 2023 shule yetu iliacha kujumlisha alama kwa mkono, nami nikaombwa kuwafunza walimu 34 kutumia Excel. Niliwagawa makundi matatu kulingana na ujuzi wao, nikaandika kijitabu cha kurasa 6, nikafunza kila kundi alasiri nne, kisha nikawafuatilia kazini wiki ya kwanza. Walimu 31 waliingiza alama zao bila msaada. Ripoti zilizochukua siku 9 muhula uliotangulia zilikuwa tayari kwa siku 4.

Ningependa kuifanya kazi hiyo kila siku: kujua wafanyakazi wanakwama wapi, kuandaa mafunzo, kuyatoa, na kuangalia kama kazi imebadilika. Sijawahi kuajiriwa na benki wala kampuni, kwa hiyo bidhaa na taratibu zake nitahitaji kujifunza. Kuandaa mafunzo na kusimama mbele ya watu wazima wasiotaka kuwapo, hayo nimeyafanya.

Je, una nafasi sasa, au unatarajia kuwa nayo miezi mitatu ijayo, ambayo mtu wa aina yangu anaweza kufikiriwa? Ninapatikana kwa simu siku za kazi baada ya saa kumi na nusu alasiri. Nimeambatisha wasifu wangu wa kurasa 2. Tafadhali usiwasiliane na shule yangu kabla ya kunijulisha."

Kisha jina lake na nambari ya simu, basi.

Ngoja nieleze mambo machache ndani yake. Kichwa kinataja kazi kwanza, kwa sababu wakala akitafuta barua hiyo baada ya wiki mbili ataandika neno "mkufunzi" kwenye kompyuta. Kichwa cha awali cha Mwalimu kilikuwa "Ombi la msaada", nacho kingezama pamoja na maombi mengine yote ya dunia.

Ile sentensi ya kukiri kwamba hajawahi kufanya kazi benki ndiyo iliyotupa kazi kubwa. Mwalimu aliiogopa. Alisema ni kama mtu anayejichimbia kaburi. Nilimwambia wakala atauona upungufu huo kwenye wasifu kwa muda wa dakika moja, na kama barua imeuficha ataanza kushuku na kile kisa cha kompyuta. Ukiutaja mwenyewe kwa sentensi moja, bila kuomba radhi, unampa wakala maneno ya kumwambia mwajiri. Kumbuka wakala naye ana bosi wa kumridhisha, na hapendi kufumaniwa.

Swali la mwisho linajibika kwa neno moja. "Naomba unifikirie" halijibiki, ndiyo maana halijibiwi.

Na lile ombi la kutowasiliana na shule, msomaji, usilisahau hata kidogo. Kuna mwalimu ambaye mkuu wake alipigiwa simu na wakala akiulizwa tabia yake, kabla mwalimu mwenyewe hajaitwa popote. Kazi ile mpya hakuipata, na mwaka mzima uliofuata alikuwa akitazamwa kwa jicho la pembeni. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie anwani ya barua pepe ya shule wala kompyuta ya ofisi ya walimu.

Vyeti kumi na vinne tuliviacha nyumbani. Vitaitishwa wakati wake. Nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na ya akaunti pia hazina kazi katika barua ya kwanza. Wasifu tuliupa jina lake na neno "Mkufunzi", katika PDF, kwa sababu faili iitwayo "wasifu mpya wa mwisho 3" haimsaidii mtu. Na ndani ya wasifu kile kisa cha kompyuta tulikipandisha juu, kwani barua ikisema mkufunzi na wasifu ukisema mwalimu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wakala ataamini wasifu.

Mawakala kumi na wawili tuliwapunguza wakawa wanne, wale ambao kweli hutafutia watu kampuni za fedha. Kila mmoja alipata barua yake, yenye jina lake. Wakala wa tano alijibu upesi ajabu kwa tangazo lililokuwa kwenye simu, akataka Sh2,500 za "kufungua faili" kwa Mpesa. Huyo tuliachana naye. Mwenye kumtafutia kampuni mtu hulipwa na kampuni.

Jambo moja la Kenya ambalo Mwalimu hakulijua, nami naliona linafaa. Sheria inawataka waajiri walipe ushuru wa mafunzo wa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Mwajiri aliyelipa anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. NITA pia husajili wakufunzi. Kwa kuanza kazi ndani ya kampuni usajili huo si lazima uwe nao mkononi, lakini ukiulizwa kwenye mahojiano unajua nini kuhusu NITA, usitazame dari.

Siku nane zilipita kimya. Siku ya tisa Mwalimu aliandika mistari miwili kwa wote wanne, akijibu juu ya barua yake ya kwanza ili waione, akauliza kama swali lake limepata jibu. Zaidi ya mara moja nisingemshauri. Wawili hawakujibu mpaka leo. Mmoja alisema hana nafasi. Wa nne, mwanamke, aliuliza mambo mawili: unapata mshahara gani sasa, na ukipata kazi utahitaji muda gani wa kutoa notisi?

Hapo Mwalimu karibu akosee tena. Alitaka kuandika mshahara wa msingi. Lakini mwalimu wa serikali hulipwa pia marupurupu ya nyumba na ya usafiri, na ana pensheni na bima ya matibabu. Akitaja msingi peke yake, kampuni itampa nyongeza juu ya msingi huo, na huenda akajikuta amehama kwa hasara huku akidhani amepanda. Aliandika jumla yote, akataja pensheni na bima kando, akasema kiasi ambacho chini yake hatahama. Kuhusu notisi alifungua kwanza barua yake ya ajira akaisoma, kisha ndipo akajibu. Barua ya kujiuzulu hakuiandika, na nilimwonya asiiandike mpaka awe ameshika mkataba uliotiwa sahihi na pande zote mbili.

Aliitwa Alhamisi moja kwenda kuonyesha kikao cha dakika 15 mbele ya watu watatu: mfundishe mhudumu mpya namna ya kumweleza mteja kwa nini ombi lake la mkopo limekataliwa. Alijitayarisha kwa mazoezi, wala hakuhutubu. Aliwafanya wale watatu wawe mteja, mhudumu na mwangalizi. Baadaye mmoja wao, mkufunzi mkuu, alimwuliza swali alilokuwa amelitarajia: "Wale walimu watatu waliobaki ilikuwaje?" Akajibu kwamba mmoja alikuwa na likizo ya uzazi, na wawili waliwapa vijana wa ofisini kazi hiyo, akawagundua muhula uliofuata kwa sababu makosa yao yalifanana. Aliwakalisha tena, mmoja akafaulu.

Yule mkufunzi mkuu aliandika kitu kwenye daftari lake. Kilikuwa nini, Mwalimu hajui. Aliambiwa atapata jibu baada ya wiki tatu, na leo ni wiki ya pili. Nilipompitia jana jioni alikuwa mezani na rundo la madaftari ya Kidato cha Tatu, anasahihisha, simu ameiweka karibu, uso juu.